Hakuwa na Bima ya Watu

Chakula cha mifugo kina harufu isiyotoka mwilini. Unaoga, unajipaka mafuta, unabadilisha nguo zote, na bado mtu akikaa karibu nawe kanisani anasogea kidogo. Ni omena, yaani dagaa wa ziwani, iliyosagwa pamoja na mashudu ya pamba, pumba ya ngano na mahindi yaliyoshika ukungu ambayo hakuna mtu angekubali kuyala. Kwa miaka niliyofanya kazi pale sikuichukia harufu hiyo. Ilinisomeshea watoto. Nilianza kuichukia baadaye, na siku hizi nikipita mbele ya duka la agroveti, lile la dawa na vyakula vya mifugo, natema mate kabla hata sijafikiri.

Kiwanda chenyewe kilikuwa nje kidogo ya Kanyakine, jumba la mabati lenye mashine ya kusaga upande mmoja na mashine ya kuchanganya upande wa pili. Mimi ni mtu wa Embu, nimezaliwa upande wa Kianjokoma. Nilikuja Meru kwa kuolewa, ndoa ikaisha, mimi nikabaki kwa sababu kazi ilikuwa huku. Wenzangu waliniita Mwembu. Kiembu changu na Kimeru chao vilikuwa vinakutana katikati, na pale visipokutana tulitumia Kiswahili.

Mwenye kiwanda alikuwa mzee wa kanisa. Alikuwa na malori, nyumba za kukodisha na zizi la ng'ombe wa maziwa waliokuwa wanakula vizuri kuliko sisi. Alipenda tumwite Baba. Ukimwita Bosi alitikisa kichwa kwa huzuni ya kuigiza, akasema, "Hapa hakuna bosi. Hapa ni familia." Tukamwita Baba. Hata wazee waliomzidi umri walimwita Baba.

Mashine ya kuchanganya ilikuwa na chuma kirefu kilichojipinda kama skrubu, ambacho huzunguka ndani na kusukuma unga hadi mdomo wa kujazia magunia. Juu yake kulikuwa na kifuniko cha wavu wa chuma. Kifuniko hicho kilitolewa na msimamizi wetu kwa amri ya Baba, kwa sababu kilikuwa kinachelewesha kazi: pumba ikiwa na unyevu ilikwama kwenye wavu na ilibidi mashine izimwe ndipo ikwanguliwe. Kifuniko kilipotoka, tukawa tunaisukuma pumba kwa kijiti huku mashine inazunguka. Kijiti kikipotea, tunatumia mkono.

Siku ile kijiti kilikuwa kimepotea.

Sitaeleza sana. Nilisikia glavu ikivutwa, nikafikiri ni glavu tu, nikavuta kurudi. Kilichofuata hakikuwa maumivu, kilikuwa sauti, kama mtu anayetafuna karoti mbichi. Mwenzangu aliyekuwa anashona magunia alipiga mayowe na msimamizi akakimbia kuzima umeme. Nilipoutoa mkono wa kulia, vidole vitatu vya katikati havikuwapo. Kidole gumba kilikuwapo na kile kidogo kilikuwapo, vimesimama pembeni kama vitu visivyojuana.

Walinifunga na leso ya mwenzangu. Msimamizi akaleta gari la Baba, lile dogo la kubebea mizigo, na kabla sijapanda akasema, "Ngoja." Akaenda ndani akarudi na magunia matupu, akayatandika juu ya kiti. Akayanyoosha vizuri, akahakikisha pembe zote zimefunikwa. Mimi nimesimama pale, damu inatiririka kwenye kiwiko, namtazama akitandika. Hata leo nikijiuliza niliona nini cha kuchukiza zaidi katika jambo hili lote, mara nyingi jibu ni yale magunia.

Njiani simu yake ililia. Alikuwa Baba. Msimamizi aliitikia "ndiyo Baba, ndiyo Baba" mpaka tukafika hospitali ya misheni. Pale kwenye meza ya mapokezi dada mmoja akauliza nimeumia vipi, na msimamizi akajibu haraka, "Ni panga. Alikuwa anakatia ng'ombe majani ya nepia huko kwake nyumbani."

Nilikuwa nimeanza kuona giza, lakini nilisikia hilo. Nashukuru mpaka leo kwamba nilisikia.

"Sina ng'ombe," nikasema. "Andika mashine. Andika kazini."

"Mama, tulia, umepoteza damu," msimamizi akasema huku ananishika bega.

"Andika kazini, dada. Mashine ya kuchanganya chakula cha ng'ombe."

Yule dada alimtazama msimamizi, akanitazama mimi, akaandika. Daktari naye aliponiuliza nikamwambia vilevile. Msimamizi alitoka nje kupiga simu na hakurudi.

Mwenzangu wa magunia alikuja kuniona baada ya kufanyiwa upasuaji. Alikaa kando ya kitanda akilia, nikafikiri ananililia mimi. Kumbe kulikuwa na lingine. Alisema baada ya gari letu kuondoka, msimamizi wa zamu ya pili alipiga simu kwa Baba kuuliza afanye nini na shehena iliyokuwa ndani ya mashine. Baba akauliza ni magunia mangapi. Alipoambiwa, akasema mashine iwashwe imalize, wateja walikuwa wanasubiri.

"Vidole vyangu waliviokota?" nikamuuliza.

"Waliokota viwili," akasema. "Cha tatu hawakukiona."

Nilitapika kwenye beseni. Mahali fulani kusini mwa Imenti kuna ng'ombe aliyekula kidole changu, na mtu akanywa chai ya maziwa yake. Sikuweza kunywa chai ya maziwa kwa muda mrefu sana, na watu wa kwetu walidhani nimeingia dini mpya.

Baba alikuja siku iliyofuata. Alileta ndizi mbivu na maziwa ya mtindi, akavua kofia, akaomba. Alikuwa na kipaji cha kuomba. Aliomba hadi wagonjwa wa vitanda vya jirani wakasema amina. Akamwomba Mungu anisamehe kwa kutokuwa makini, na hapo nikafungua macho nikamtazama, yake yalikuwa yamefumbwa, mashavu yanang'aa.

Dada yangu mkubwa alikuwa amefika kutoka Ishiara, ambako anauza nguo za mitumba sokoni. Dada yangu haongei kwa sauti kubwa, lakini akianza jambo haliachi. Alisubiri amina, kisha akauliza, "Baba, bima ya wafanyakazi inasemaje?"

"Bima gani?"

"Ya watu wakiumia kazini. Si ni lazima mwajiri awe nayo?"

Baba akacheka kwa upole, kama anavyochekewa mtoto aliyeuliza kwa nini mwezi unamfuata. "Mama, hayo ni mambo ya makampuni makubwa ya Nairobi. Sisi ni watu wa kijijini. Halafu dada yako hajaandikwa. Yeye ni kibarua tu. Lakini msijali, hatutamwacha. Sisi ni familia."

Alilipa pesa za kuingilia hospitalini, basi. Za upasuaji na kitanda hakulipa. Bima yangu ya afya ya serikali ilishughulikia sehemu, na iliyobaki hospitali ikanidai mimi. Nikampigia, hakupokea. Siku ya tatu ya kupiga, akapokea mke wake, akasema Baba ana wazo zuri sana, tungoje Jumapili.

Wazo lilikuwa harambee. Kanisani kwake, mbele ya watu wote, harambee ya kumsaidia dada yetu aliyepatwa na ajali. Na mgeni wa heshima alikuwa yeye.

Sijui niliwezaje kukaa pale. Nilivikwa gauni la kuazimwa na kuketishwa mbele, kwenye kiti cha plastiki kando ya kikapu. Walimsifu sana. Mmoja alisema si kila mwajiri ana moyo kama huu, wengine ukiumia wanakufukuza. Kwaya ikaimba. Kisha Baba akachukua kipaza sauti akasema, "Dada, inua huo mkono watu wauone. Watoe wakijua wanatolea nini."

Sikuuinua. Mama mmoja wa kanisa, kwa nia njema nadhani, akanishika kwenye kiwiko akauinua yeye. Bandeji ilikuwa imeloa usaha wa njano kidogo upande mmoja. Watu wakasema "ooh," wakaanza kupanga foleni na noti zao. Wakulima wenye viatu vya matope, wanawake wanaouza ndizi, wafanyakazi wenzangu wenye njaa kama mimi, wote wakatoa. Walikuwa wanamlipia yeye deni lake, na wao hawakujua, naye alikuwa anajua, na alikuwa anatabasamu.

Baada ya ibada sikupewa pesa hizo. Zilipelekwa ofisini kwake "kwa usalama". Nilipozifuata, dada yangu akiwa pamoja nami, alikuwa na karatasi imechapwa. Ilisema nimepokea msaada kutoka kwa mwajiri kwa hiari yake, na kwamba sina dai lolote kwake sasa wala baadaye. Bila sahihi, hakuna pesa za hospitali.

"Usiweke," dada yangu akaniambia kwa Kiembu.

Hospitali ilikuwa inataka pesa yake. Niliweka sahihi na mkono wa kushoto, mistari inayopinda kama ya mtoto wa chekechea. Baba alisema, "Mungu akubariki," akaikunja karatasi akaitia mfukoni mwa koti, upande wa moyo. Tulipotoka nilimwona mwanamke mwingine kwenye mashine yangu. Kifuniko bado hakikuwapo. Alikuwa na kijiti kipya.

Nilirudi Kianjokoma kwa mama. Huko kazi ni majani chai, na huwezi kuchuma chai kwa gumba na kidole kidogo. Nilijaribu. Mama alinitazama nikihangaika kwenye mstari mmoja, akachukua kikapu kutoka mgongoni mwangu bila kusema kitu.

Dada yangu ndiye aliyetafuta wakili. Wa kwanza hakuwa wakili, alikuwa kijana wa koti anayezunguka nje ya mahakama akitafuta watu wenye bandeji. Alituahidi mamilioni. Alisema tutamshtaki Baba mahakamani kwa uzembe na kudai fidia kubwa, tumpe tu pesa ya kufungulia faili. Dada yangu alimwambia tutafikiri, akanivuta.

Wakili wa kweli alikuwa mama wa makamo mjini Meru, ofisi yake ghorofa ya juu, ngazi zinanuka mkojo. Alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Umeumia lini?"

Nikamwambia. Akahesabu kichwani, akapumua. "Vizuri. Mwaka haujaisha. Dai la fidia ya kuumia kazini lazima lipelekwe ndani ya mwaka mmoja. Wengi huja hapa wakiwa wamechelewa kwa sababu mwajiri aliwabembeleza."

"Tumshtaki?" dada yangu akauliza.

"Sio hivyo. Sheria ya sasa haimruhusu mfanyakazi kumshtaki mwajiri wake mahakamani kudai fidia ya uzembe kwa ajali ya kazini. Dai linaanzia kwa afisa wa usalama na afya kazini. Huyo ndiye anachunguza, anapiga hesabu, anatoa amri ya malipo. Na jambo moja zuri, huhitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alikosea. Inatosha kwamba uliumia ukiwa kazini."

"Lakini hana bima," nikasema. "Alisema mwenyewe."

"Basi atalipa kutoka mfukoni. Bima ni ya kumkinga yeye, mama. Akiwa na bima kampuni inamlipia. Asipokuwa nayo deni ni lake, na juu yake ana kosa la jinai, kwa sababu kila mwajiri lazima awe na bima hiyo."

"Hata kama mimi ni kibarua?"

"Ulikuwa unalipwa kumfanyia kazi? Basi wewe ni mfanyakazi."

Nikamwambia juu ya karatasi niliyotia sahihi. Nilimwambia nikitazama chini. Aliinua mikono. "Hiyo aifungie sukari. Huwezi kusalimisha haki hiyo kwa sahihi. Makubaliano kama hayo ni batili, ni kama hayapo."

Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu niumie, kicheko kibaya, kama kikohozi.

Ofisi ya serikali ilikuwa na afisa mmoja mwembamba mwenye miwani iliyofungwa na waya. Alitafuta kwenye rekodi zake, akasema hakuna ajali iliyoripotiwa kutoka kiwanda hicho. "Mwajiri akishajua mtu ameumia ana siku saba za kuniletea taarifa. Huyu hajaleta. Alijua?"

"Alituletea ndizi hospitalini," dada yangu akasema.

Afisa alipokea dai langu pamoja na taarifa ya hospitali ile iliyoandikwa "mashine, kazini". Akamwandikia Baba aje. Baba hakuja. Akamwandikia tena, kisha akaenda mwenyewe kiwandani. Mwenzangu wa magunia alinisimulia: aliingia bila kubisha, akasimama mbele ya mashine ya kuchanganya akaitazama, akauliza kifuniko kiko wapi. Msimamizi akasema kimepelekwa kuchomelewa. Afisa akamwonyesha kikiwa kimeegemea ukuta, kuku wamekinyea. Aliiamuru mashine isitumike mpaka irudishiwe kifuniko.

Hapo Baba akaja ofisini. Tulikuwapo sisi wote wanne, yeye, afisa, dada yangu na mimi. Alivaa suti. Alinisalimia kwa jina la mtoto wangu wa kwanza, akauliza mama anaendeleaje.

"Bima ya kufidia wafanyakazi unayo?" afisa akauliza.

"Nina bima."

"Ya nini?"

"Nina bima nyingi. Malori yote yana bima."

"Hayo polisi wanakulazimisha. Ya wafanyakazi."

"Jengo lina bima, ya moto."

"Ya wafanyakazi, mzee."

Dada yangu akasema, kwa ile sauti yake ya chini, "Na ng'ombe?"

Hilo nilikuwa nimemsimulia mimi. Mwaka mmoja kabla sijaumia, ng'ombe mmoja wa Baba alikufa kwa kuvimba tumbo. Walitutoa kiwandani kwenda kuchimba shimo, lakini tulizuiwa kumzika. Tulikaa naye juani, nzi wamejaa kwenye macho yake, mpaka daktari wa mifugo na mtu wa bima wafike. Walipiga picha hereni ya namba iliyo sikioni mwake. Walipiga picha ulimi. Jumapili iliyofuata Baba alitoa shukrani kanisani kwa sababu kampuni ya bima ilikuwa imemlipa, tena haraka.

"Ng'ombe ana bima?" afisa akauliza.

"Ni mkopo," Baba akasema. "Benki ilitaka."

Afisa alivua miwani, akaifuta na shati. "Kwa hiyo malori, mabati na ng'ombe. Lakini watu hapana."

"Watu wanakuja na kuondoka, bwana afisa," Baba akasema. Alisema kwa unyenyekevu kabisa, kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Hakuona kwamba amesema kitu. Nilimtazama mdomo wake, safi, umepakwa mafuta kidogo, nikahisi ile harufu ya omena imejaa chumba kizima, ingawa hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ametoka kiwandani. Ilibidi nitoke nisimame koridoni.

Nilipelekwa kwa daktari wa serikali, akaupinda mkono, akaupima, akaandika asilimia ya ulemavu wa kudumu. Afisa akachukua mshahara wa miezi tisini na sita, kama sheria inavyosema, akatoa humo asilimia ile. Akaongeza mshahara wa miezi niliyokuwa natibiwa siwezi kufanya kazi, na gharama za hospitali. Baba alijaribu kusema nilikuwa nalipwa nusu ya kile nilicholipwa. Lakini alizoea kutulipa kwa simu, na jumbe zake bado zilikuwa kwenye simu yangu, kila moja ikiisha na "Ubarikiwe". Afisa alizisoma zote.

Akadai pia kwamba pesa za harambee zihesabiwe kama malipo yake.

"Zilitoka kwako?" afisa akauliza.

"Ni mimi niliyeandaa."

"Nimeuliza kama zilitoka kwako."

Amri ya malipo ilitoka, akapewa siku tisini. Angeweza kupinga, sheria inampa nafasi: siku sitini za kumwandikia mkurugenzi, na asiporidhika aende mahakama ya kazi. Hakupinga. Hakulipa pia. Alichofanya ni kuzungumza. Kanisani alisema shetani anatumia watu wa kutoka mbali. Wanawake waliotoa noti zao kwa ajili yangu walianza kunipita sokoni bila salamu kila nilipokwenda Kanyakine, na siwalaumu, kwani waliambiwa nilikula pesa zao na sasa nataka kula kiwanda. Mwenzangu wa magunia alifutwa kazi kwa kuonekana akizungumza nami. Malori yakabadilishwa jina, moja kwa mke, jingine kwa mtoto wake wa kiume. Zile siku tisini zilipoisha, wakili aliipeleka amri ya afisa mahakama ya kazi mjini Meru, akaomba ichukuliwe kama hukumu ya mahakama ili iweze kutekelezwa.

Kesi ya jinai ilikuwa pembeni, na hiyo haikuwa yangu. Baba alishtakiwa kwa kutokuwa na bima na kwa kutoripoti ajali. Nilienda kuisikiliza. Nilikuwa na matumaini ya kijinga ya kumwona akitolewa kwa mlango wa nyuma, ule wa mahabusu, kwa sababu sheria inaruhusu faini au kifungo cha miezi michache, au vyote. Alikiri, akaomba radhi, akataja umri wake na kisukari chake na kanisa. Akapigwa faini. Akailipa papo hapo, akatoka akisalimiana na watu kwenye baraza kama anayetoka harusini. Pesa hiyo ilikwenda serikalini. Mimi nilitembea hadi mahali pa kula, nikaagiza githeri, nikashindwa kuila.

Lakini mahakama ya kazi iliipokea amri ya afisa. Jaji hakuchukua muda. Aliuliza kama kulikuwa na pingamizi lililowasilishwa kwa wakati, wakili wa Baba akazungukazunguka, jaji akauliza tena, akasema hakuna. Baadaye dalali wa mahakama alikwenda nyumbani kwa Baba kuorodhesha mali. Malori hayakuwa kwa jina lake tena. Kiwanda hakikuwa kwa jina lake. Dalali akazunguka nyuma ya nyumba, akawakuta ng'ombe. Hao Baba hakuwa amewabadilisha jina, kwa sababu bima yao ilikuwa kwa jina lake.

Nimesimuliwa kwamba hapo ndipo alipolia. Dalali alikuwa anaandika namba za hereni, ng'ombe mmoja baada ya mwingine, na mzee anamfuata nyuma akisema, "Huyo ana mimba. Huyo ana mimba, bwana."

Alilipa. Si kwa mara moja, wakili wake aliomba awamu na mahakama ikakubali, na kila awamu ilichelewa, na kila mara ilibidi wakili wangu amkumbushe kuhusu ng'ombe. Lakini zilifika. Nilimlipa wakili na nikamrudishia mama alichonitolea. Kilichobaki niliweka kwenye kibanda cha nguo za watoto huko Ishiara, karibu na cha dada yangu. Kuna joto kuliko nilivyozoea, na vumbi, lakini Mbeere, upande huu wa Ishiara, hakuna anayenijua kwa harambee. Nimejifunza kukunja shati kwa gumba na kidole kidogo. Vifungo bado vinanishinda.

Mwenzangu wa magunia alisikia kwa waliobaki, akaniambia kwamba kiwanda sasa kina bima ya wafanyakazi, na kifuniko kimerudi. Baba aliwakusanya wote akawatangazia, akawaambia wapige makofi kwa sababu kama mzazi ameona vyema kuwakinga watoto wake. Walipiga.

Siku ya awamu ya mwisho tulikutana ofisini kwa wakili. Wakili alihakikisha pesa imeingia, akatuambia tumemaliza, akaenda kutafuta muhuri. Tukabaki wawili. Baba alikuwa amezeeka kidogo shingoni. Aliinama kuelekea kwangu, pumzi yake inanuka pipi ya mnanaa, akasema, "Dada, tusiache chuki. Mbele ya Mungu, umenisamehe?"

Na akanyoosha mkono, wa kulia, akingoja nimpe wangu.

"Nimekusamehe," nikamwambia, ili aondoke. Mikono yangu yote miwili ilikuwa mapajani, chini ya meza, na niliiacha huko huko mpaka alipoinuka, akavaa kofia, na nikasikia viatu vyake vikishuka zile ngazi.